Ukuta Ambao Haukuwepo

Bingwa aliinua eksirei, akaielekeza dirishani, akaifinyia jicho moja kama mtu anayetafuta unywele kwenye mchuzi. Hakukaa nayo sana. Akaitupa mezani, akavua miwani na kutabasamu.

"Ukuta," akasema. "Mji wako wa mimba una ukuta katikati. Napitisha kamera kwa chini, nakata, unaenda nyumbani jioni. Mwakani unaniletea mtoto nimbebe."

Mume wa mgonjwa akashusha pumzi kama mzigo umetuliwa kichwani pake. Mgonjwa mwenyewe hakushusha chochote. Kazini walimwita Rula, kwa sababu alichora ramani za majengo katika ofisi ya wasanifu na hakuwahi kukubali mstari uliopinda, wala wa karatasi wala wa maneno. Alimtazama Bingwa tangu tai ya hariri hadi vile vyeti alivyovitundika ukutani, vingine vikiwa vimetundikwa upogo, akasema moyoni: mtu asiyeweza kunyoosha fremu ataninyoosha mimi?

Alikuwa amepoteza mimba mbili. Hazikuwa zile za kuponyoka mapema, kabla hata majirani hawajanusa. Zilikuwa mimba za tumbo kuonekana, za mtoto kucheza, za kununua shuka ndogo. Ya kwanza ilitoka mwezi wa tano, ya pili vilevile. Mara zote mbili uchungu ulianza kama utani, na kabla ya watu kuelewana nani anapiga simu kwa nani, yalikuwa yamekwisha.

"Daktari," akasema Rula, "hiyo dawa mliyonimiminia ilijaa ndani, sivyo? Ndiyo inayoonekana hapo."

"Ndiyo. Tazama." Bingwa akagusa eksirei kwa kalamu. Palikuwa na weupe uliopanda juu kisha ukagawanyika mara mbili, mfano wa herufi V. "Vyumba viwili. Kati yao ukuta."

"Hivyo ni vyumba. Paa liko wapi?"

"Paa gani?"

"Nje yake. Mimi nikipewa picha ya ndani ya vyumba viwili, siwezi kusema kama ni nyumba moja iliyokatwa na ukuta, au nyumba mbili zilizoegemeana. Lazima nione kwa nje. Hii picha inaonyesha nje?"

Bingwa akacheka, kicheko kile cha kumpapasa mtoto kichwani. Alisoma darasa moja na kaka mkubwa wa mume wa Rula, kwa hiyo alijiona na haki ya kumwita "mke wetu."

"Mke wetu, wewe chora nyumba. Watu tuachie sisi. Nimekata kuta hizi tangu wewe uko sekondari."

Mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu mpole kiasi kwamba wanafunzi wake walinakiliana majibu mbele ya macho yake, akamkanyaga Rula mguu chini ya meza. Rula akanyamaza. Si kwamba ameridhika. Aliona tu kwamba maneno mengine ni kuyapoteza, kama kumsomea ng'ombe gazeti.

Mapokezi, binti wa kucha ndefu aliyekuwa akiongea kwenye simu mbili kwa pamoja, alimkabidhi bahasha ile ile iliyotoka mezani kwa Bingwa, pamoja na tarehe ya kukatwa. Wiki ijayo, asubuhi, asile kitu.

Habari zilitangulia kufika nyumbani. Mavyaa wake hakuwahi kuchelewa habari hata siku moja. Jioni ile ile alikwisha kumpigia simu dada yake, na dada yake naye hakulala bila kumwambia mtu. Kufikia kesho, mtaa mzima ulijua kwamba mke wa mwalimu ana ukuta tumboni. Mmoja akauliza kama ni wa tofali. Mwingine, mama wa kanisa la jirani, akasema kuta za namna hiyo hubomoka kwa maombi, na akataja saa ya kuja kuubomoa.

"Mwanangu, usiwe na kichwa kigumu," mavyaa akamwambia, akiwa amekaa kwenye kochi zuri kuliko yote, kama kawaida yake. "Bingwa ni mtu wetu. Watu wanapanga foleni kumwona. Wewe umepelekwa mbele kama malkia, halafu unamuuliza maswali! Shemeji yako amepigiwa simu. Ameona aibu."

"Mama, niliuliza swali moja tu."

"Mtu mwenye shida haulizi swali hata moja."

Rula akabeua midomo na kwenda chumbani. Aliitoa eksirei kwenye bahasha, akaibandika kwenye kioo cha dirisha kwa utepe wa gundi. Alitaka kuitazama mwenyewe kwa utulivu, bila watu wa kumtabasamia. Na hapo ndipo alipoona jina lililoandikwa pembeni kwa herufi ndogo nyeupe.

Halikuwa lake.

Alisoma mara ya pili. Jina la mwanamke mwingine, umri mwingine. Akakumbuka yule aliyekaa naye benchi moja asubuhi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika barabarani, aliyeingia kwa Bingwa kabla yake. Binti wa kucha ndefu alikuwa amechanganya bahasha tangu alipozipeleka kwa Bingwa. Lakini si hilo lililomkalisha Rula kitandani. Lililomkalisha ni kwamba Bingwa, bingwa wa mabingwa, alikuwa ameinua picha ya tumbo la mtu mwingine, akalisoma na kumpangia yeye kisu. Na hakujua.

Mumewe alipoingia akamkuta anacheka peke yake.

"Kuna nini?"

"Njoo umwone mtu wenu," akasema, akamwonyesha jina.

Mumewe alitazama, akakuna kidevu. "Labda ni kosa la mapokezi."

"Mapokezi wamekosea bahasha. Kusoma jina ni kazi ya nani? Ya mlinzi?"

Kesho yake alimpata mwanamke wa benchi. Haikuwa kazi ngumu. Kwa Bingwa walimpa namba bila hata kuuliza anaitaka ya nini, jambo lililomwongezea Rula dharau kwa mahali pale. Yule mwanamke alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti vitatu nyuma ya duka la viatu. Alimpokea kwa mikono iliyojaa mafuta ya nywele, mteja akiwa amesukwa nusu kichwa.

"Kumbe ni wewe mwenzangu!" akasema msusi. "Nami nimekuta jina lako kwenye bahasha yangu, nikadhani ndilo jina la ugonjwa."

Wakaziweka picha zote mbili kwenye kioo cha mlango wa saluni, jua likipiga kwa nyuma. Zilifanana. Weupe ukapanda, ukagawanyika, V na V. Mteja mwenye nusu kichwa akaja kuchungulia, akasema ni mapacha.

"Alikuambia nini?" Rula akauliza.

"Ukuta. Wiki ijayo."

"Nami ukuta, wiki ijayo. Mimba zako zilitokaje?"

Kicheko cha msusi kikatoweka. Alifuta mikono polepole kwa taulo. "Tatu. Zote mapema. Mwezi wa pili, nikizidi sana wa tatu. Naanza kutapika, nafurahi kutapika, halafu asubuhi moja sitapiki tena. Hapo najua."

"Zangu zilifika mwezi wa tano."

Walitazamana. Rula hakuwa daktari na hakujifanya daktari. Watu wa kujifanya alikwisha kuwaona wa kutosha wiki ile. Alichojua ni kwamba picha mbili zinazofanana kwa wanawake wawili wasiofanana zilihitaji mtu wa kutazama upya, mtu asiye na haraka ya kukata.

Mtu huyo Rula alimfahamu. Miaka miwili nyuma ofisi yao ilichora upanuzi wa idara ya picha katika hospitali ya serikali, na Rula aligombana wiki nzima na daktari mkuu wa idara ile kuhusu upana wa mlango. Alikuwa mwanamke mkavu, mwembamba, mwenye sauti ya kutangaza misiba. Alitaka mlango upanuke kitanda kipite bila kugonga, na alikuja na kamba yake mwenyewe ya kupimia. Rula alimchukia kwa siku nne, na siku ya tano akagundua kwamba amepima sawa.

Rula na msusi walipomfuata, daktari huyo wa picha alizishika eksirei zote mbili kwa sekunde chache tu, kisha akazirudisha.

"Nani amewaambia ni ukuta?"

Wakamtaja Bingwa. Daktari wa picha alikunja mdomo tu, na katika mkunjo ule Rula akasoma ukurasa mzima.

"Kwa picha hizi hakuna mtu anayeweza kusema," daktari akasema. "Si mimi, si yeye. Dawa hujaza ndani. Sehemu ya nje haionekani. Msichana akiwa bado hajazaliwa, mji wa mimba huanza kama mirija miwili. Mirija hukutana, huungana, halafu ukuta uliobaki kati yao huyeyuka, kinabaki chumba kimoja. Wengine mirija yao huungana vizuri lakini ukuta hauyeyuki. Kwa nje mji ni mmoja, mzima. Ndani una kizuizi. Wengine mirija haikuungana vizuri kwa juu. Hao mji wenyewe umegawanyika pembe mbili, ndani na nje. Ukimimina dawa, wote wawili watakupa hiyo V."

"Ndiyo nilichomuuliza," Rula akasema, na hakuficha ushindi wake.

"Kuuliza si kujua," daktari akamjibu palepale. "Rudini nusu ya pili ya mwezi wenu, kabla ya hedhi, utando wa ndani ukiwa mnene. Hapo unaonekana vizuri."

Tarehe ya kisu ilikuja kabla ya tarehe ya picha. Rula hakwenda, wala msusi hakwenda. Kwa siku mbili nyumba haikukalika. Kaka mkubwa wa mumewe alikuja na shati lake la vikao, akasema ukoo umedhalilishwa. Mavyaa akalia machozi machache, ya kiasi, yasiyoharibu wanja. Mama wa kanisa akaja na wenzake wawili saa ile aliyoitaja, wakaweka mikono juu ya tumbo la Rula na kuamuru ukuta uanguke kwa jina kuu, na mmoja wao akaapa kwamba ameusikia ukidondoka. Rula alilala chali akitazama dari, akihesabu ni mbao ngapi zimewekwa vibaya.

"Huyu mke wako anadhani anajua kuliko madaktari," kaka mkubwa akamwambia mumewe mbele yake, kana kwamba Rula ni kabati.

"Sijui kuliko daktari," Rula akasema. "Nimekwenda kwa daktari. Ninyi ndio mmekwenda kwa rafiki."

Mumewe hakumtetea. Wala hakumlaumu. Alikaa katikati na kumung'unya ukucha, na Rula usiku ule alimdharau yeye pia, na dharau hiyo ilimuuma kuliko zile nyingine kwa sababu alimpenda. Lakini asubuhi ya picha, alipotoka bafuni alimkuta amekwisha kuvaa viatu.

"Nakusindikiza," akasema. "Nimeomba ruhusa shuleni."

Chumba cha picha kilikuwa na giza la kiasi na baridi ya kiyoyozi. Msusi alitangulia kulala kitandani, akawaomba Rula na mumewe wabaki. "Kaeni tu, mimi saluni kwangu hujaa watu wengi zaidi ya hawa," akasema, na kicheko chake kikatetemesha shuka. Mumewe Rula akageukia ukutani kwa adabu, akabaki anakodolea kalenda, mpaka daktari alipomwambia kwamba kilichoko kwenye skrini hakina cha kuona haya.

Kifaa chembamba kilipita kwa ndani. Mwanzoni skrini ilionyesha yale mawingu ya kijivu ambayo Rula aliyazoea, ambayo kila mtu aliyekushikia kifaa huyatolea hadithi yake. Kisha daktari akabonyeza, akasema, "Usipumue kwa nguvu," mashine ikakusanya picha nyingi kwa mpigo na kuziunganisha, na mji wa mimba ukajitokeza kwa mbele, wote, kama umechorwa kwa rangi ya kahawia.

Rula akasogea bila kuambiwa. Hii aliielewa. Ilikuwa ramani.

"Hapa ni nje," daktari akasema, akipitisha mshale juu. "Mviringo, laini kama kiganja cha mtu anayekuombea. Hakuna bonde. Na hapa ndani, huu hapa unaoshuka kama ulimi. Huu ndio ukuta. Wewe unao," akamwambia msusi.

Msusi akameza mate. "Ndio unaowaua wanangu?"

"Ukuta huu huhusishwa na mimba kutoka mapema. Mimba ikijishika juu yake, pengine haipati damu ya kutosha, hatujui yote. Unaweza kukatwa kwa kamera, kazi ndogo. Lakini nisikudanganye: watafiti wamebishana kama kukata kunaongeza watoto kweli. Kwa mtu aliyepoteza tatu, wengi tungekata. Uamuzi ni wako, ukishaambiwa yote."

Kisha Rula akapanda kitandani. Baridi ile ile, mawingu yale yale, "usipumue kwa nguvu." Na mji wake ukatokea.

Hakuhitaji kuambiwa. Juu, pale ambapo kwa msusi palikuwa mviringo, kwake palikuwa na bonde. Lilishuka kati ya pembe mbili zilizoachana, kama kopa la karata lililokatwa na mtu mwenye mkasi mkali. Ndani kulikuwa na V ile ile. Ila hapakuwa na ukuta kati yake. Palikuwa na nje.

Daktari akavuta mstari ulionyooka kutoka pembe hadi pembe, akashusha mwingine hadi kitako cha bonde. Namba ikatokea pembeni.

"Bonde likizidi sentimita moja, tunasema pembe mbili," akasema. "Lako ni mbili na nusu. Hapa hakuna cha kubishania. Pangekuwa na utata ningekupeleka kwenye mashine ya sumaku, ile ya MRI. Ngoja nitazame na figo. Viungo hivi huumbwa jirani. Wakati mwingine mwenye mji wa namna hii hukosa figo moja." Akapitisha kifaa kingine mbavuni, kulia, kushoto. "Zipo zote."

Mumewe ndiye aliyeuliza, kwa sauti ambayo Rula hakuijua. "Angekata wiki ile, ingekuwaje?"

"Angeingia na kamera, angeona vyumba viwili na kitu katikati. Angeanza kukata akidhani ni ukuta. Lakini hicho ni nyama ya mji wenyewe. Angekata mpaka atokee upande wa pili." Daktari akazima mashine na kuanza kufuta kifaa. "Upande wa pili kuna utumbo."

Walirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu. Karibu na duka la vyuma mumewe akasimama, akamshika mkono mbele ya watu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata wakati wa uchumba. "Nilikukanyaga mguu," akasema.

"Ulinikanyaga."

"Nisamehe."

Rula alikuwa na majibu matatu makali tayari mdomoni. Akayameza yote, kwa shida.

Kwa Bingwa alikwenda peke yake, kurudisha heshima, kama alivyomwambia mavyaa. Alimwekea picha mezani. Safari hii Bingwa aliitazama kwa muda, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Aa," akasema. "Ndiyo. Nilikuwa naelekea huko huko."

"Ulikuwa unaelekea huko na mkasi, Daktari."

"Mke wetu, udaktari si hesabu. Mtu huingia, anaona, anabadili." Akakohoa. "Basi vizuri. Kama ni pembe mbili, tutafungua tumbo tuziunganishe. Operesheni nzuri sana. Zamani tuliifanya."

"Na siku hizi?"

Bingwa akarekebisha tai.

Daktari wa wazazi wa hospitali ya serikali, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, ndiye aliyemjibu swali hilo. Operesheni ile ilikuwa ikiachwa, akasema. Ilimwachia mtu kovu kubwa juu ya mji wa mimba kwa faida isiyo na uhakika. Mwenye pembe mbili anaweza kubeba. Hatari yake si ile ya mwanzo sana, bali ya katikati na mwishoni: nafasi hubana, shingo ya kizazi hulegea kabla ya wakati, mtoto hukosa mahali pa kugeukia akabaki ametanguliza makalio, uchungu huja mapema. "Ukishika mimba njoo mapema. Tutapima shingo kila baada ya wiki mbili. Ikianza kufupika tutaishona. Siahidi kitu."

Siahidi kitu. Katika miaka yote ya kuahidiwa, Rula hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Msusi alifanya jambo lililomshangaza. Alirudi kwa Bingwa. Alirudi na picha yake, akataka mashine ya picha iwekwe juu ya tumbo wakati wa kukata ili mtu wa pili aone mkasi ulipo, na Bingwa, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kuthibitisha, alikata ule ukuta safi kabisa. Daktari wa picha alipomkagua baadaye alisema kazi ni nzuri. Hilo lilimkera Rula mno. Ingekuwa rahisi kama yule mtu angekuwa hajui kitu. Kumbe mikono alikuwa nayo, tena mikono mizuri. Macho ndiyo aliyoyaona kuwa kazi ya watu wadogo.

Rula alishika mimba mwaka uliofuata. Picha ikaonyesha mtoto amejichagulia pembe ya kushoto. Mavyaa, ambaye kwa wakati huo alikwisha kuacha ukuta na kuhamia pembe, na mtaa mzima ulikuwa ukijiuliza mwanamke ameotaje pembe, alileta godoro lake na kuhamia sebuleni. Kila asubuhi alimtazama Rula kama mtu anayechungulia maziwa motoni.

"Usiiname, mwanangu."

"Nimeinua kalamu tu, mama."

"Kalamu nayo ni kitu."

Alipokaribia mwezi wa tano, shingo ikaanza kufupika, kama walivyoonywa. Daktari wa wazazi alimwonyesha mstari kwenye skrini, mfupi kuliko wa wiki mbili zilizopita, akaishona siku iliyofuata. Rula alichora akiwa nyumbani, karatasi juu ya ubao, ubao juu ya mto. Mwezi wa tano ukapita. Siku ule mwezi ulipokwisha mumewe aliosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa, na mavyaa alifunga redio ingawa kipindi chake kilikuwa hewani.

Chupa ilipasuka mwanzoni mwa mwezi wa nane. Mtoto alikuwa bado ameketi, makalio chini, kichwa juu, mkaidi. Wakakata uzi, wakamfungua tumbo. Kutoka nyuma ya pazia la kijani Rula, ganzi ikiwa imemshika nusu ya mwili, alimsikia daktari wa wazazi akimwambia msaidizi wake, "Tazama hili bonde," kisha akasikia sauti nyembamba yenye hasira, sauti ya mtu aliyeamshwa bila kuulizwa.

Alikuwa mtoto wa kike, mdogo, mwenye ngozi iliyokunjamana kama shati lililotolewa kwenye begi. Walimweka kifuani kwa Rula, ngozi kwa ngozi, wakamfunga kwa kitambaa, na hapo akakaa wiki baada ya wiki akijifunza kupumua na kunyonya. Wakapeana zamu na mumewe. Mwalimu wa hesabu alikaa kwenye kiti cha wodi kifua wazi, mtoto akiwa amelala juu ya nywele zake, akisahihisha madaftari kwa mkono mmoja, na wauguzi wakapita kuchungulia.

Siku waliyotoka, nyumba ilijaa. Kaka mkubwa alikuja, na nyuma yake akaja Bingwa, tai mpya, zawadi mkononi. Alikaa kwenye lile kochi zuri, akamtazama mtoto, akawageukia watu.

"Kesi ngumu sana hii," akawaambia. "Pembe mbili! Ni nadra. Niliona tangu siku ya kwanza kwamba hapa hapahitaji haraka. Mji kama huu unahitaji subira."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama wa kanisa akasema amina. Rula akafungua mdomo, lakini mumewe akamtangulia.

"Hapana, Daktari," akasema mwalimu wa hesabu, polepole, kama anayemrudishia mwanafunzi karatasi. "Siku ya kwanza ulisema ukuta. Ulisema ukikata, jioni yuko nyumbani. Tena ulikuwa umeshika picha ya mtu mwingine."

Kaka mkubwa akatazama viatu vyake. Bingwa akacheka, akasema mwalimu ana kumbukumbu nzuri, akakumbuka mgonjwa anayemsubiri, na alipokuwa akitoka akajigonga goti kwenye meza.

Mavyaa akafyonza. Rula hakuwa na hakika amemfyonza nani, mpaka alipomwona anaichukua ile zawadi na kuisukumia chini ya kochi kwa mguu.

Msusi alipita jioni, watu wakiwa wametawanyika. Hakucheka sana. Alikaa karibu na Rula, akamshika mtoto kidole cha mguu, akasema kwa sauti ndogo kwamba anatapika tena, na kwamba jana amevuka mwezi wa tatu na asubuhi hii ametapika zaidi.

"Sijamwambia mtu," akasema.

"Usiwaambie," Rula akamjibu. "Hasa hawa wa mtaa huu. Watakuja kukubomolea kitu."

Msusi akacheka hapo, kile kicheko chake chenyewe, na mtoto akashtuka, akakunja uso, akaanza kulia. Rula akamweka kwenye ziwa. Alinyonya vibaya, akaacha, akalalamika, akarudi tena, na mama yake akamwangalia akihangaika, akamwambia taratibu, kwa sauti ambayo hakuna mtu kazini angeamini kwamba ni yake, achukue muda wake.